Herufi 160 na kizibo cha soda

Ndugu wasikilizaji, leo nataka niwaeleze kosa langu mwenyewe. Nimelitenda kwa kalamu, tena katika ujumbe mfupi kuliko habari yoyote niliyopata kuiandika katika miaka yangu yote ya redio.

Misimu michache iliyopita niliombwa na watu wa mradi mmoja wa kilimo hapa Arusha niwasaidie kazi ambayo kwa maneno ilionekana nyepesi. Walikuwa na kipeperushi cha kurasa nne juu ya kilimo bora cha maharage. Walitaka kipeperushi hicho kigeuzwe kuwa mfululizo wa ujumbe wa simu, ule wa kawaida unaoingia hata katika simu ndogo ya kitochi, ili mkulima apate ushauri kidogo kidogo kadiri msimu unavyokwenda. Sharti lilikuwa moja: kila ujumbe usizidi herufi 160.

Nilicheka moyoni. Mimi ninayeweza kubana hotuba ya saa nzima ikawa habari ya nusu dakika, nishindwe na maharage? Nilisahau kwamba katika herufi 160, nafasi kati ya neno na neno nayo huhesabiwa. Nukta na mkato huhesabiwa pia. Kwa Kiswahili hapo unapata maneno 25 hivi, ambayo mtangazaji huyasoma kwa sekunde kama 12 tu.

Kiasi hicho cha 160 hakikupangwa na bwana shamba. Kilipangwa na wahandisi wa simu wa Ulaya katika miaka ya 1980, na ujumbe wa kwanza wa namna hiyo ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ukiwa salamu za Krismasi. Mtandao ulikuwa na upenyo mdogo uliobaki, wakaujaza kwa kiasi hicho cha herufi. Nasi huku chini ya Mlima Meru, miaka mingi baadaye, tunaingiza mbegu, mbolea na palizi katika upenyo ule ule.

Wala Arusha si mgeni wa shughuli hii. Kituo cha utafiti cha Selian, ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kimekuwa kikishughulikia maharage kwa miaka mingi, na wakulima wetu wanazijua mbegu kama Selian 97 na Jesca. Shirika la Farm Radio International lina ofisi hapa hapa mjini. Katikati ya miaka ya 2010 lilishiriki mradi uliojulikana kama SILT, uliopeleka habari za maharage kwa wakulima wa kaskazini kwa njia ya redio, vijarida na ujumbe wa simu. Kabla ya hapo, mwaka 2012, kampuni ya Tigo ilianzisha huduma ya Tigo Kilimo. Kwa hiyo njia ilikwisha kupitiwa. Lakini kila anayeipita huandika upya, na kila anayeandika upya ana nafasi yake ya kukosea.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Kipeperushi kile kilisema kwamba eka moja ya maharage hutosha mfuko mmoja wa mbolea ya DAP wa kilo 50. Ukurasa mwingine wa kipeperushi hicho hicho ulikuwa na maelezo ya mkulima anayechanganya mahindi, na hapo paliandikwa kwamba mbolea ya kupandia ipimwe kwa kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo. Kizibo nilikipenda sana. Mkulima hana mizani shambani, lakini kizibo kila mtu anacho. Nikaandika hivi:

"Weka DAP kizibo 1 cha soda kila shimo, funika udongo, panda mbegu 2, funika."

Nikahesabu, nikapata herufi 76. Nilijisifu: hata nusu ya nafasi sijaimaliza. Ujumbe ukatumwa kwa kundi la kwanza la majaribio, wakulima wapatao 40, mwanzoni mwa mvua za masika.

Wiki iliyofuata, mzee mmoja kutoka kata za chini za Arumeru alikuja kituoni kunitafuta. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akatoa kizibo mfukoni na kukiweka mezani mbele yangu.

"Mwanangu," akasema, "hiki ndicho kizibo chako. Nimenunua mfuko mmoja kwa eka moja kama bwana shamba alivyotuambia zamani. Nimepima kama simu ilivyosema. Mfuko umekwisha na shamba hata nusu sijafika. Sasa niambie, nani mwongo, bwana shamba au simu?"

Nilichukua karatasi tukapiga hesabu pamoja. Maharage yake aliyapanda kwa mistari iliyoachana nusu mita, na shimo kila baada ya sentimita 20, mbegu mbili kila shimo. Kwa vipimo hivyo eka moja ina mashimo yapata 40,000. Kizibo cha soda kilichojaa DAP huchukua kama gramu tano. Zidisha tano kwa 40,000, utapata gramu 200,000, yaani kilo 200. Hiyo ni mifuko minne. Ujumbe wangu ulimtaka mzee yule aweke mifuko minne mahali pa mmoja, na ndiyo maana mfuko wake ulimwishia alipofika robo ya eka.

Kwenye mahindi kizibo kile kilikuwa sahihi. Mahindi yakipandwa mistari ya sentimita 75, na shimo la mbegu mbili kila sentimita 60, eka ina mashimo kama 9,000 tu. Vizibo 9,000 vya gramu tano ni kilo 45, karibu sawa na mfuko. Kumbe neno lililobeba ukweli wote wa ushauri ule lilikuwa "mahindi", na hilo ndilo nililoliacha nje, tena nikiwa na herufi 84 za bure.

Na hasara haikuwa mbolea peke yake. Katika ile robo eka maharage yaliota kwa mapengo, kwa sababu mbolea nyingi ilikutana na mbegu chini ya udongo mchache ikaiunguza. Ujumbe ulisema "funika udongo", lakini haukusema kwa nini, na mtu asiyeambiwa sababu hufunika kwa haraka. Mzee alirudishiwa mfuko wa mbolea na mradi, akapanda tena mapengo yake. Lakini wakulima wengine 39 nao walikuwa na ujumbe ule ule katika simu zao, na ilitubidi tuwapigie mmoja mmoja.

Ndugu wasikilizaji, tangu siku hiyo nilianza kuangalia ni maneno gani mwandishi huyatupa anapobanwa nafasi. Nikagundua kwamba tunatupa maneno madogo. Tunatupa "kwa mahindi". Tunatupa "baada ya kuota". Tunatupa "iwapo". Tunayaona ni vidogo, nasi tunabakiza kitenzi kikubwa, weka, panda, nyunyiza. Lakini bwana shamba mzoefu atakuambia kwamba mkulima kitenzi anakijua. Hahitaji simu imwambie kwamba mbolea huwekwa. Anahitaji kujua kiasi gani, kwa zao gani, na kuanzia lini, na mambo hayo yote hukaa katika maneno madogo.

Nafasi basi itoke wapi? Itoke katika maneno ya ofisini. Sikilizeni fungu hili la kipeperushi, nalisoma lilivyo:

"Mkulima anashauriwa kufanya palizi ya kwanza katika kipindi cha wiki mbili hadi tatu baada ya mimea kuchomoza, na palizi ya pili, iwapo itahitajika, kabla ya mimea kuanza kutoa maua. Aidha, haishauriwi kupalilia wakati wa maua ili kuepusha kuangusha maua na hivyo kupunguza mavuno."

Hizo ni herufi 281. "Mkulima anashauriwa kufanya palizi" ni herufi 34, na maana yake yote ni neno moja: palilia. Kiswahili chetu kina fadhila hiyo. Mtendaji, wakati na amri vinaweza kuingia katika neno moja. "Usikate" ni herufi saba, na ndani yake mna katazo na anayekatazwa. Kwa hiyo anayelalamika kwamba maneno ya Kiswahili ni marefu mno kwa simu, kwanza aondoe "aidha" zake.

Lakini katika fungu hilo kulikuwa na mtego mwingine. Rasimu yangu ya kwanza ilisema palizi ifanyike "wk 2". Niliipeleka kwa mama mmoja wa upande wa Maji ya Chai, anayelima karibu eka moja. Simu yake husomwa na mjukuu wake anayesoma sekondari. Nilimwomba binti asome kwa sauti, kisha nikamwomba bibi anieleze atafanya nini. Hiyo ndiyo njia pekee niliyoiona inafaa ya kupima ujumbe. Usimwulize mtu kama ameelewa, maana kwa adabu zetu atakujibu ndiyo. Mwambie akueleze atakachofanya.

Bibi akasema: "Nitahesabu siku 14 tangu nilipopanda." Kipeperushi kilikusudia tangu maharage yalipoota. Maharage hukaa ardhini wiki moja hivi kabla ya kuchomoza, na huko juu kwenye baridi hukawia zaidi. Bibi angeingiza jembe wakati miche ina wiki moja tu, bado laini. Na kosa halikuwa lake, kwa sababu tulimpa namba bila kumwambia aanze kuhesabu lini.

Mjukuu naye akatufundisha jambo ambalo katika darasa letu la uandishi wa habari halikuwepo. Tulikuwa tumeandika "weka mbegu 2". Yeye akasoma: "weka mbegu tu." Tukashangaa. Akatuonyesha meseji za wenzake. Vijana huandika tarakimu ya mbili mahali pa silabi "tu", kwa sababu Waingereza huitamka hivyo. Tutaonana huwa 2taonana. Kwake yeye ujumbe wetu ulikuwa na maana kamili, nayo ilikuwa maana nyingine. Tangu hapo tuliweka sheria kwamba tarakimu zote zinaruhusiwa kasoro hiyo moja. Mbili huandikwa kwa herufi zake tano, hata kama inauma. Na vifupisho vya namna ya "wk" na "sm" vilipigwa marufuku kabisa. Sm 50 ilisomwa na mzee mmoja kuwa ni simu namba 50.

Baada ya masomo hayo, ujumbe wa palizi ulikuwa hivi:

"Maharage yako yakifikisha wiki mbili tangu kuota, palilia. Subiri umande ukauke. Palilia juujuu, usikate mizizi. Inulia udongo kwenye shina."

Hizo ni herufi 140. Angalieni kwamba palizi ya maua haimo. Tuliiondoa kwa makusudi, ikawa ujumbe wa peke yake unaotumwa baadaye, karibu na wakati wake, kwa sababu ujumbe wenye kazi mbili za nyakati mbili huacha mkulima akumbuke moja. Nafasi iliyopatikana tuliijaza kwa mambo mawili ambayo bwana shamba alisema ndiyo yanayookoa shamba. La kwanza ni umande. Kupita katikati ya maharage yenye majani mabichi ya maji husambaza magonjwa ya majani kutoka mche hadi mche, na kwenye miteremko ya Meru umande hukawia kukauka. La pili ni kuinulia udongo. Inzi wa maharage hutaga kwenye miche michanga, na funza wake hula ndani ya shina karibu na ardhi mpaka shina likavimba na kupasuka. Udongo ukiinuliwa pale, mche hupata nafasi ya kuotesha mizizi mipya juu ya jeraha. Maelezo yote hayo hayakuingia katika simu. Kilichoingia ni tendo, na maelezo tuliyaweka kwenye kipindi cha redio cha wiki ile ile.

Na ule ujumbe wa kizibo? Niliuandika upya nikiwa nimekaa na kile kizibo cha mzee mezani. Kwa kuwa gramu 50,000 zikigawanywa kwa mashimo 40,000 kila shimo hupata gramu moja na robo, kizibo kimoja kinatosha mashimo manne. Nikaandika, nikahesabu, nikapata herufi 154. Nikafurahi. Kisha nikausoma tena kama mtu asiyejua chochote, nikaona kwamba kwa mara ya pili nimesahau kutaja zao! Nilipotanguliza neno "Maharage" na nukta mbili zake, zikafika 164. Nne zimezidi. Nikatafuta pa kukata. Nilikuwa nimeandika "Funika mbolea kwa udongo kidogo". Mbolea ilikwisha kutajwa kwa jina lake, DAP, katika sentensi iliyotangulia. Nikaiondoa hapo, na mwisho wake ukawa huu:

"Maharage: kizibo 1 cha soda kilichojaa DAP kigawe kwa mashimo 4, si shimo 1. Funika kwa udongo kidogo, kisha weka mbegu mbili. Mbegu ikigusa mbolea itaungua."

Herufi 157. Ni ndefu mara mbili ya ule wa kwanza niliojisifu nao, na kila neno lililoongezeka lilimgharimu mtu.

Msidhani kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Ulipofika wakati wa mavuno tuliandaa ujumbe huu, wa herufi 147:

"Maganda ya maharage yakigeuka kaki na majani kupukutika, ng'oa asubuhi kabla ya jua kali, yasipasuke. Anika juu ya turubai, si chini kwenye udongo."

Ukatumwa, na ankara ikaja mara tatu ya kawaida. Wakulima wengine walipata vipande vitatu, na mmoja akapata kipande cha mwisho kwanza. Kijana wa kompyuta alitafuta chanzo siku nzima, akakikuta katika neno "ng'oa".

Jambo lenyewe ni hili. Simu ina orodha fupi ya herufi inazozijua kwa njia ya mkato, na kwa herufi hizo ndipo tunapata 160. Kile kialama cha juu cha ng'ombe na ng'oa, kikiwa kimenyooka, kimo katika orodha. Lakini sisi tuliandika ujumbe kwenye programu ya kuandikia barua, ambayo kwa urembo wake hukipinda kialama kile kikawa kama mkato ulioinuliwa juu. Kialama kilichopinda hakimo katika orodha. Na ikiingia herufi moja tu ya kigeni, ujumbe wote huhamishiwa katika mfumo mpana unaokula nafasi zaidi ya mara mbili, na kiwango hushuka kutoka 160 hadi 70. Ukiwa wa vipande, kila kipande hubaki na herufi 67, kwa kuwa nafasi kidogo huliwa na alama za kuviunganisha. Herufi zetu 147 zikahitaji vipande vitatu, na kampuni ya simu hutoza kila kipande.

Lugha yetu imejaa ng'. Kuna ng'ombe, kung'oa, kung'arisha na kung'ata. Kwa hiyo anayeandika ushauri wa kilimo kwa Kiswahili atakutana na mtego huu mapema kuliko Mwingereza. Dawa yake ni rahisi. Andika ujumbe kwenye ukurasa usio na urembo wowote, au uupitishe hapo kabla ya kuutuma. Ukiona kihesabu cha herufi kinaruka ghafla kutoka ujumbe mmoja hadi mitatu, usianze kukata maneno. Tafuta kwanza kialama kilichopinda, kistari kirefu, au ile alama ya nusu inayoandikwa kama herufi moja. Sisi tulikuwa tumeanza kukata maneno, na turubai ilikaribia kufutwa bure.

Pengine mmegundua kwamba ujumbe huo wa mavuno hautaji siku. Hautaji siku kwa sababu ya mlima wetu. Aliye Nkoaranga juu, na aliye Kikwe chini, hawapandi siku moja wala maharage yao hayakomai kwa siku zile zile, kwani kwenye baridi hukawia. Mwaka wa kwanza tulituma kwa kalenda moja, na wako walioambiwa wapalilie wakati hata mvua ya kupandia hawajaipata. Mwaka wa pili tulimwomba kila mkulima, akishapanda, atume neno moja, NIMEPANDA, na siku zake zianze kuhesabiwa hapo. Hilo lilisaidia kwa mbolea na palizi. Kwa mavuno tuliachana na siku kabisa, tukashika dalili. Ganda likigeuka kaki limegeuka, uwe Nkoaranga au Kikwe. Dalili ni kalenda ambayo kila shamba linayo.

Nimalizie kwa ujumbe ambao hatukuuandika. Wakubwa wa mradi walitaka ujumbe juu ya dawa ya kunyunyizia wadudu. Tulikaa nao jioni mbili. Ili ushauri wa dawa usimdhuru mtu, lazima utaje zao, mdudu anayekusudiwa, jina la dawa, kiasi cha dawa kwa maji, na siku ngapi zipite kabla mboga au maharage hayo hayajaliwa. Sijataja glovu na barakoa. Tulijaribu kila namna, na kila tulipobana, moja kati ya hayo lilianguka nje. Tukijaribu kugawa katika ujumbe watatu, nilikumbuka yule aliyepata kipande cha mwisho kwanza. Mwishowe niliwakumbusha kizibo. Mbolea ikizidi, mzee alipoteza mfuko na mbegu. Dawa ikizidi hatutamwona tena akija kituoni kuuliza nani mwongo.

Kwa hiyo tuliandika tu kwamba ukiona shina la maharage limevimba na kupasuka chini, ng'oa mche mmoja, uufunge kwenye karatasi, umpelekee bwana shamba wa kata kabla hujanunua dawa, na usikilize kipindi chetu siku fulani saa fulani. Wako waliosema tumekwepa kazi. Mimi nasema hapo ndipo ujumbe wa simu unapofikia mwisho wake, na mwandishi mwaminifu lazima apajue.

Kile kizibo cha mzee bado ninacho, kiko kwenye droo ya meza yangu. Msimu uliopita alinipigia simu, si kwa malalamiko. Aliniambia maharage yameota bila mapengo, kisha akauliza swali moja: "Mwanangu, ule ujumbe wa mahindi utakuja lini? Na safari hii utaandika ni wa mahindi?"

Nikamwambia, mzee, neno la kwanza kabisa.

Hadi wiki ijayo panapo majaliwa, kwaherini.